Kujifunza kusoma chati kwa kutumia chati za zamani: maswali tunayoulizwa Mbeya kuhusu mpango wa miezi mitatu

Jumamosi asubuhi huwa tunakaa watu sita au saba kwenye chumba cha nyuma cha duka moja la stesheneri karibu na Mwanjelwa, kila mmoja na chati yake iliyofunikwa kwa kipande cha manila. Anayechungulia dirishani na kuuliza tunafanya nini hujibiwa kwamba tunasoma bei ya kahawa ya mwaka tusioujua. Wengi hucheka wakaenda zao. Wachache huingia na kuuliza, na maswali yao ndiyo haya.

Mpango wenyewe ukoje?

Saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki kumi na mbili. Tunatumia chati za siku tu, yaani mshumaa mmoja ni siku moja ya soko. Mwezi wa kwanza unajifunza kuona na kuandika. Hununui wala huuzi, hata kwa kalamu. Mwezi wa pili unachukua kanuni moja na kuijaribu mpaka ufikishe mifano 60. Mwezi wa tatu unaichukua kanuni ileile, bila kubadilisha hata neno, na kuipeleka kwenye miaka ambayo hujawahi kuifungua.

Miaka tunaigawa siku ya kwanza kabisa, kabla mtu hajaona chati yoyote. Sisi tumetenga 2005 hadi 2012 kwa mwezi wa kwanza, 2013 hadi 2018 kwa mwezi wa pili, na 2019 hadi 2024 kwa mwezi wa tatu. Fungu la mwisho ni kama mbegu: ukila mwezi wa pili, wa tatu huna cha kupanda.

Kwa nini mnatumia kahawa wakati kila mtu anaanza na dhahabu au sarafu?

Kwa sababu wengi wetu tumekulia kwenye kahawa. Mtu wa Mbozi au Mbinga akiona bei imepanda ghafla anataka kujua kilichotokea, na hiyo hamu inamfanya akae na chati. Bei tunayoisoma ni ya arabika ya soko la New York, inayoandikwa kwa senti za dola kwa ratili moja, ambayo ni karibu gramu 454. Kwenye TradingView, tovuti ya chati, ukiandika `KC1!` inakuja. Anacholipwa mkulima kwenye chama chake cha ushirika, AMCOS, ni hesabu nyingine yenye makato na ubora ndani yake, kwa hiyo usije ukamwonyesha mjomba wako chati hii ukamwambia anapunjwa.

Mwezi wa pili kahawa peke yake haitoshi. Miaka sita ina takriban mishumaa 1,500 ya siku, na kanuni yetu kwa kahawa hutoa mifano ishirini na kitu tu. Ndiyo maana tunaongeza dhahabu na `EURUSD`, yaani bei ya euro kwa dola, miaka ileile, ili kufikia 60. Kumbuka tu kwamba dhahabu na EURUSD zote zinapimwa kwa dola, kwa hiyo dola ikiyumba zote mbili huyumba siku hiyohiyo. Ukipata ishara mbili tarehe moja, hiyo ni karibu sawa na ishara moja.

Kaka, mimi chati za zamani nimeziangalia sana na naona kila kitu wazi. Kwa nini nikianza akaunti ya majaribio, demo, nashindwa?

Hili ndilo swali lililotufanya tuandike ukurasa huu, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Chati ya zamani iliyo wazi yote ni kama mechi ambayo matokeo yake umeshayasikia redioni. Kila pasi inaonekana ilikuwa inaelekea golini. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza daftari zima hivyo: nazungusha chati kwa kidole, naona mahali bei ilipogeuka, nachora duara, naandika "hapa ningenunua". Kwa hesabu ya daftari lile nilikuwa napatia mara nane katika kumi. Nilipoanza kufanya mshumaa kwa mshumaa bila kuona mbele, nikaanza kupatia mara nne katika kumi. Kanuni ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii sikuwa najua mwisho.

Tangu hapo kila mtu akileta mfano wake tunamuuliza swali moja: ulijua lini?

Chukua mfano wa kilele. Kanuni yetu ni kwamba mshumaa ni kilele kama sehemu yake ya juu imepita zile za mishumaa miwili ya kushoto na miwili ya kulia. Kwenye chati iliyo wazi unaweka alama mara moja. Lakini siku kilele chenyewe kilipotokea, mishumaa miwili ya kulia haikuwapo. Ulijua kwamba ni kilele siku mbili baadaye, bei ikiwa imeshaanza kuteremka. Anayeandika "niliuza kwenye kilele" ameuza kwa taarifa iliyokuja baada ya siku mbili. Mabonde ni vivyo hivyo. Na viashiria vinavyochora mistari ya vilele vyenyewe, kama `ZigZag`, vina tabia ya kusogeza mstari wao wa mwisho kila bei mpya inapokuja, kisha chati ya zamani inaonekana kana kwamba mstari ulikuwa hapo tangu mwanzo. Sisi tumevipiga marufuku kwa miezi yote mitatu.

Naombeni mfano mmoja mtu auone kwa macho.

Jumamosi moja dada mmoja, mwalimu wa sekondari kutoka Uyole, alileta karatasi mbili za chati ileile ya kahawa. Namba nimezisawazisha kidogo ili hesabu iwe nyepesi.

Bei ilipanda kutoka bonde la 118 ikaweka kilele 139, ikateremka hadi 129, halafu ikapanda tena, ikafunga juu ya 139 na kufika 151. Kisha ikaanza kurudi chini taratibu: sehemu za chini za mishumaa zikawa 146, 143, kisha 140.5. Kanuni yetu ya mwezi wa pili inasema hivi: bei ikishafunga juu ya kilele cha zamani, subiri irudi karibu na kilele hicho, ikifika, subiri mshumaa unaofunga juu ya sehemu ya juu ya mshumaa uliotangulia, nunua siku inayofuata sokoni inapofunguka.

Kwenye karatasi ya kwanza, aliyoisoma ikiwa wazi, alikuwa ameandika: nimenunua 141, kikomo cha hasara, yaani bei ya kutokea ukikosea, 139.2, nimetoka 157.2. Alihatarisha senti 1.8 akapata senti 16.2, yaani mara tisa ya alichohatarisha. Karatasi nzuri kweli.

Tukamuuliza: pale 141, ulijua lini kwamba bei inageuka? Akanyamaza, akacheka, akatoa karatasi ya pili.

Hiyo alikuwa ameisoma kwa manila. Mshumaa wa ishara ulifunguka 141, ukashuka hadi 140, ukapanda 145 na kufunga 144.5. Mshumaa wa jana yake ulikuwa umeishia 143.8 kwa juu, kwa hiyo masharti yametimia, lakini yametimia soko likishafunga. Kununua ni kesho yake, na kesho yake soko lilifunguka 145.2. Kikomo cha hasara kinakaa chini ya ule mshumaa, 139.2. Hatari ni senti 6. Lengo letu ni mara mbili ya hatari, kwa hiyo 157.2. Siku ya nne bei ilirudi 140.6 na mkono wake, anasema, ulitaka kuandika "nimetoka". Siku ya tisa ikagusa 157.2.

Chati ni moja na mahali pa kutokea ni palepale. Karatasi ya kwanza inadai mara tisa, ya pili inatoa mara mbili. Tofauti yote imo kwenye zile senti 4.2 kati ya 141 na 145.2, ambazo ndizo gharama ya kusubiri mpaka ujue.

Mwezi wa kwanza nafanya nini hasa, kama sinunui?

Wiki ya kwanza unachora mishumaa kwa mkono. Unachukua jedwali la bei za siku ishirini, lenye bei ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga, na unachora kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Ni kazi ya kuchosha, na wengi hupenda kuiruka. Lakini aliyechora mishumaa ishirini kwa mkono hawezi tena kudhani kwamba mshumaa mrefu wa kijani unamaanisha bei ilipanda moja kwa moja siku nzima. Mshumaa haukuambii kama sehemu ya juu ilitangulia au ya chini, na hilo litakuja kuwa muhimu kwenye hesabu.

Wiki ya pili na ya tatu unaweka vilele na mabonde kwa ile kanuni ya miwili kushoto na miwili kulia, ukisogeza mshumaa mmoja mmoja. Kila ukiweka alama, unaandika pembeni namba za mishumaa miwili: wa siku kilipotokea na wa siku ulipojua. Kila baada ya mishumaa kumi unaandika neno moja tu: inapanda, inashuka, au haina mwelekeo. Inapanda maana yake vilele na mabonde vyote viwili vinazidi kwenda juu. Kama kilele kimepanda na bonde limeshuka, andika haina mwelekeo na uendelee, usibishane na karatasi.

Wiki ya nne unarudia kipande ulichokifanya wiki ya pili, bila kuangalia alama za kwanza, halafu unalinganisha. Ukikuta alama zako zimetofautiana sana, kanuni haijaingia mkononi na mwezi wa pili usianze. Hili hutokea zaidi kwa wanaochora mistari ya supoti na rezistansi, yaani sakafu na dari ya bei, "kwa jicho". Jicho la Jumatatu si jicho la Ijumaa.

Nina simu tu, na bando linaisha. Inawezekana?

Inawezekana, na karatasi kwa kweli ni nzuri kuliko simu kwa mwezi wa kwanza. Unapiga picha ya skrini ya chati, unachapisha A4 pale stesheneri, unakata kipande cha manila na kukiteleza kulia mshumaa mmoja baada ya mwingine. Kata pia ukanda wa chini wenye tarehe.

Kuna mtego mmoja kwenye karatasi ambao sisi wenyewe ulitupita kwa wiki nzima. Programu hupanga skeli ya chati ili bei zote za kipande hicho zitoshee. Ukifunika upande wa kulia, na upande wa kushoto bei ziko chini ya karatasi huku juu kukiwa na nafasi tupu kubwa, karatasi imeshakuambia bei itapanda. Kijana mmoja wa kwetu alikuwa anapatia kila mfano na hakujua kwa nini anapatia. Dawa yake ni kuvuta skeli kwa mkono kabla ya kupiga picha, mpaka kuwe na nafasi tupu ya kutosha juu na chini, au kumwomba mwenzako akuandalie vipande na kuvikata.

Mwenye kompyuta anaweza kutumia kitufe cha `Replay` kwenye TradingView, ambacho hukata chati mahali unapochagua na kufungua mshumaa mmoja kila unapobonyeza. Kwenye programu ya MetaTrader zima kwanza `Auto Scroll`, sogeza chati nyuma sana, halafu tumia `F12` kusogea mshumaa mmoja mmoja. `Shift+F12` inasogeza upande mwingine. Ukisogea kwa kipanya utavuka mishumaa kumi bila kukusudia, na ukishaiona huwezi kuisahau.

Kwa siku nifanye mishumaa mingapi mwezi wa pili?

Chati tatu, kila moja mishumaa 1,500, siku 20 za mazoezi: inakuja 75 kwa kila chati, jumla 225 kwa siku. Ukitumia sekunde kumi kwa mshumaa ni kama dakika 38. Zinazobaki ni za kuandika. Mishumaa mingi haina ishara yoyote, unapita tu, na kupita huko ni sehemu ya somo, kwa sababu kwenye chati iliyo wazi macho huruka moja kwa moja hadi penye msisimko.

Daftari linaandikwaje?

Mstari mmoja kwa mfano mmoja: namba ya mfano, chati, bei ya kuingia, kikomo cha hasara, lengo, na mwisho matokeo. Vitu vinne vya kwanza baada ya namba vinaandikwa kwa kalamu ya wino kabla hujasogeza mshumaa unaofuata. Penseli hatuiruhusu, na sababu yake utaielewa ukikutana na mfano wa kwanza uliokukera.

Matokeo hayaandikwi kwa dola wala shilingi, bali kwa hatari. Ukifika lengo andika +2, ukigongwa kikomo andika -1. Hivyo senti 6 za kahawa na pointi ndogo 60 za EURUSD, ziitwazo pipi, zinakaa safu moja.

Ikitokea mshumaa mmoja mrefu umegusa lengo na kikomo siku hiyohiyo, andika -1. Nimesema mshumaa wa siku haukuambii kipi kilitangulia. Ukijipa faida ya mashaka kila mara, daftari lako litanenepa kwa vitu ambavyo havikutokea.

Nimemaliza mifano 60, nimepatia 25 na kukosa 35. Nimefeli?

Hesabu kwanza. Ishirini na tano mara mbili ni +50. Toa 35, inabaki +15. Kwa kuwa lengo ni mara mbili ya hatari, ukipatia moja katika kila tatu unakuwa hujapata wala hujapoteza, nawe umepatia zaidi ya hapo.

Sasa toa gharama. Kila unapoingia na kutoka kuna spredi, yaani tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza, na wakati mwingine kamisheni. Kwa chati za siku tunakata 0.1 ya hatari kwa kila mfano, ambayo kwa mifano 60 ni 6. Umebaki na +9.

Hapa ndipo watu husherehekea mapema. Mfano mmoja ukigeuka kutoka kupatia hadi kukosa, hesabu inashuka kwa 3, maana unapoteza zile +2 na kuongeza -1. Kwa hiyo mifano mitatu tu ikigeuka kati ya 60, +9 yako imekuwa sifuri. Jiulize kama humo daftarini hakuna mitatu uliyoisogeza kidogo, uliyoingia kwa bei ya kufunga badala ya kesho yake, au uliyoipa faida ya mashaka. Mifano 60 inatosha kuonyesha kanuni mbovu sana. Haitoshi kuthibitisha kanuni nzuri.

Na usishangae kukuta hasara sita zimefuatana. Kwa mtu anayepatia mara nne katika kumi, ndani ya mifano 60 uwezekano wa kukutana na mfululizo wa hasara sita mahali fulani ni mkubwa kuliko wa kutokutana nao. Tunawaambia hili mapema kwa sababu karibu kila mtu hubadilisha kanuni kwenye hasara ya tano.

Naruhusiwa kurekebisha kanuni mwezi wa pili?

Mara moja, baada ya mfano wa 30, kisha unaanza kuhesabu upya. Kila unaporekebisha ukiangalia mifano ileile, unaifinyanga kanuni ikae sawa na miaka hiyo. Fundi anayeshona suti juu ya mwili wa mtu mmoja asishangae haimkai mwingine.

Mwezi wa tatu ni nini kipya?

Kwa kazi ya mikono hakuna. Unachojua ni kwamba miaka ya 2019 hadi 2024 hujaigusa, kwa hiyo kanuni haijaizoea. Fanya mifano 30 au 40, bila marekebisho. Matokeo yakishuka kidogo ni kawaida. Yakiporomoka, tuseme kutoka kupatia mara nne katika kumi hadi mara mbili, rudi kwenye daftari la mwezi wa pili na utafute ulipojidanganya. Mara nyingi ni kwenye kuingia, kama karatasi ya kwanza ya yule mwalimu.

Tatizo la miaka ya karibuni ni kumbukumbu. Mtu yeyote wa kahawa anakumbuka sakitu iliyopiga mashamba ya Brazil Julai 2021, hasa Minas Gerais, na jinsi bei ilivyoruka. Watu wa Makete na Kitulo wanaijua sakitu kwa viazi vyao, kwa hiyo habari ile ilitembea sana huku. Ukiona kwenye chati bei ya kahawa ikipita 150 mwaka 2021, kichwa kinanunua kabla ya kanuni. Ndiyo maana tarehe zinakatwa, na tunamwomba mwenzetu achanganye vipande ili usijue kipi kinafuata kipi.

Kwenye `KC1!` naona bei inaruka bila habari yoyote. Ni kosa la programu?

Si kosa. Kahawa ya New York huuzwa kwa mikataba ya miezi ya Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba. `KC1!` ni mikataba hiyo iliyounganishwa mmoja nyuma ya mwingine, na pale wa zamani unapoachia mpya, bei mbili tofauti hukutana. Pengo hilo hakuna aliyelipata wala kulipoteza. Utalitambua kwa kufungua mkataba mmoja peke yake wa kipindi hicho: pengo likitoweka, lilikuwa la maungio. Mfano wowote ambao ishara yake imezaliwa na pengo la namna hiyo tunaufuta.

Naweza kufanya mazoezi kwa hisa za Dar es Salaam?

Kwa mpango huu, hapana. Soko la hisa la Dar es Salaam, DSE, lilianza mauzo 1998, lakini hisa nyingi kule hupita siku bila kuuzwa au huuzwa chache tu, na mshumaa unabaki mstari mlalo. Ukiona mishumaa mingi isiyo na mwili wala utambi, hakuna mnada wa kutosha wa kusoma. Hisa hizo zina namna yake ya kuchambuliwa, kwa hesabu za kampuni na gawio.

Chati za zamani haziwezi kunifundisha nini?

Haziwezi kukuonyesha kama agizo lako lingetimizwa. Fungua `EURCHF`, bei ya euro kwa faranga ya Uswisi, tarehe 15 Januari 2015. Benki kuu ya Uswisi ilikuwa imeizuia euro isishuke chini ya faranga 1.20 tangu Septemba 2011, na siku hiyo ikaondoa kizuizi bila kutangaza mapema. Kwenye karatasi, mtu aliyenunua 1.2010 na kuweka kikomo 1.1990 amepoteza kidogo sana, -1 na basi. Sokoni siku ile hapakuwa na wanunuzi pale 1.1990, bei iliporomoka kwa dakika chache, na waliokuwa na vikomo walitolewa chini kabisa, wengine wakiwa wanadaiwa na broka. Daftari lako lingesema -1. Kwa hiyo tukikuta mshumaa uliofunguka tayari umevuka kikomo, tunaandika hasara ya bei uliyofungukia, hata kama ni -4.

Haziwezi pia kukupima usiku usio na usingizi. Karatasi haijui ada ya shule.

Mkataba mmoja wa kahawa ni kiasi gani? Nikimaliza niingie huko?

Ratili 37,500. Ile hatari ya senti 6 ya mfano wetu ingekuwa dola 2,250 kwa mkataba mmoja. Kahawa tunaitumia kusomea. Anayemaliza miezi mitatu na hesabu iliyobaki juu ya sifuri anakwenda demo miezi mingine mitatu kwa kanuni ileile, na anayetaka kuruka hapo hatumzuii, ila chumba chetu hakishughuliki na fedha ya mtu wala hatupokei za kukuwekezea.

Umeme umekatika katikati ya mfano, niliporudi programu imefungua chati yote hadi leo. Nifanyeje?

Umeona?

Kama umeona hata kwa nukta moja, mfano huo umekufa. Piga mstari juu yake kwa wino ileile, andika "imeonekana", ruka mishumaa 200 mbele na uanzie hapo. Daftari langu la mwaka jana lina mistari kumi na mmoja ya namna hiyo, mingi ya msimu wa mvua.